Likelemba ya Mama Marthe Iliyoliwa na Bingo

Hapana, musiniambie tena eti ni bahati mbaya! Bahati mbaya ni mvua kukukuta na unga inje. Hii ya Mama Marthe ilikuwa imeandikwa pale pale ndani ya telefone, kwa Kifaransa, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na hakuna hata mumoja aliyefungua kusoma. Sasa dada yangu Agnès amelala kwa kliniki na mutoto wake, wanamukataza kutoka, na nyinyi munanipigia saluti ya pole. Pole ya nini? Sikilizeni kwanza.

Mama Marthe munamujua. Anauza unga ya muhogo pale soko ya Kataki, meza ya mwisho upande wa reli. Bwana yake alikuwa cheminot, mufanyakazi wa reli, alikufa zamani. Vita ya Nyunzu ilipochoma kila kitu, yeye alikimbia kwa miguu na watoto, na ndani ya kitenge alikuwa amefunga feza ya likelemba ya wamama wenzake. Njiani njaa iliwatesa, hakugusa. Alipofika Kalemie alitafuta wale wamama mumoja mumoja kwa makambi, akawapa kila muntu yake. Hadisi hiyo ilimutangulia. Wamama wa soko walipotaka kuanzisha likelemba yao, hawakubishana nani atashika feza. Walisema: Marthe. Kwisha.

Wako wanane, na dada yangu Agnès ni mumoja wao. Kila siku ya soko wanaweka, mwisho wa mwezi mumoja anakula yote, mwezi mwengine ni mwengine. Hakuna anayekosa zamu. Mwezi huu zamu ilikuwa ya Agnès, na haikuwa zamu ya kununua masufuria. Daktari alishamwambia mutoto amekaa vibaya tumboni, watamupasua, na kliniki ile haipasui muntu kwa maneno matamu. Bwana ya Agnès iko Manono kwa machimbo, telefone yake inaita hewa. Basi ile feza ya likelemba, karibu dola mia tatu, ndiyo ilikuwa maisha ya dada yangu. Kila muntu alijua. Mama Marthe alijua kuliko wote.

Na njo kwa sababu ya kumupenda Agnès, Mama Marthe aliharibu.

Onésime iko na kabine pale karibu ya meza zao, chini ya parasoli, mwavuli mukubwa wa rangi ya kupauka, anauza unite za telefone, anatuma feza. Siku hizi anauza pia mchezo. Kampuni moja, jina sitaitaja, ilimupa tisheti na karatasi ya kubandika: bingo kwa telefone, na kadi za kukwangua kwa kidole juu ya kioo chake. Kila feza inayopita kwake anapata kidogo. Kwenye karatasi imeandikwa kubwa: FEZA 70 KWA 100 INARUDI KWA WACHEZAJI.

Mama Marthe aliisoma ile karatasi siku mingi, akaielewa kama muntu wa likelemba.

“Sabini inarudi,” aliwaambia wenzake. “Inarudi kwa nani? Kwa wachezaji. Kama wachezaji ni sisi wenyewe tu, itarudi kwa nani mwengine?”

Munaona? Akili si mubaya. Bingo ya telefone iko na vyumba. Unaingia chumba, unanunua kadi, kila kadi numero kumi na tano, telefone inaita numero mpaka tisini. Wa kwanza kumaliza mustari anapata kidogo, wa kwanza kumaliza mistari miwili anapata zaidi, wa kwanza kumaliza kadi nzima anapata kile kikubwa. Asubuhi mapema vyumba viko tupu. Basi wamama saba waliingia chumba kimoja pamoja, wakanunua kadi kwa feza ya likelemba, hakuna mugeni. Agnès hawakumwambia kitu, juu alikuwa amelala nyumbani kwa amri ya daktari. Walitaka kumufurahisha. Likelemba ikinenepa, apate na nguo za mutoto.

Na walishinda! Kila mara walishinda! Vipi wasishinde, wako peke yao? Mama Philomène anapiga kelele “Mustari!”, mara Mama Dorothée anapiga “Kadi nzima!”, soko yote inageuka kuangalia. Feza inaingia kwa telefone ya mumoja, anaitupa tena ndani, wanaanza upya. Watu waliwaonea wivu. Mimi pia niliwaonea wivu, sitadanganya.

Siku Agnès alianza kuumwa, nilimupakia kwa moto, ile pikipiki yangu ya kubeba watu, mpaka kliniki. Infirmier, muuguzi wa pale, alimuangalia, akaniangalia miye.

“Kosyo iko wapi, ile feza ya kutanguliza?”

“Inakuja. Ni likelemba.”

“Ikuje upesi. Mutoto haingoji likelemba.”

Nilirudi soko mbio. Nilipozima moto, nilisikia wamama wanacheka. Mama Dorothée alikuwa anacheza na kiuno mbele ya meza ya unga, telefone juu kama Biblia.

“Mama Marthe, Agnès iko kwa meza ya kupasuliwa. Nipe feza.”

“Mwanangu, umekuja saa muzuri! Leo tumeshinda mara ine!”

“Nipe, basi.”

Akafungua telefone. Akaangalia. Akaifunga, akaifungua tena, kama muntu anayefikiri mulango ulikosea nyumba. Kicheko cha wenzake kilianza kufa kimoja kimoja.

Kwa feza yote ya likelemba, mulibakia dola makumi ine na moja.

“Mumeiba?” niliuliza. Nilisema vibaya, lakini nilisema.

“Nani aibe?” Mama Philomène akaruka. “Wewe mutoto wa juzi, angalia mudomo! Feza haikutoka kati yetu. Kila mara alishinda mumoja wetu. Kila mara!”

Na ilikuwa kweli. Njo ile inayotisha. Hakuna muntu hata mumoja aliyewashinda.

Nilimunyanganya Mama Marthe telefone, nikaenda nayo kwa Onésime.

“Fungua ile ya masharti.”

“Grand, kaka yangu, miye ninauza tu.”

“Fungua, ao parasoli yako ioge ndani ya muto Lukuga.”

Alifungua. Shule yangu ni kidogo, lakini hesabu ya njia ninaijua, ninabeba watu kila siku. Tulisoma pamoja, kidole chini ya neno. Kadi zikiuzwa za dola kumi, tatu ni ya kampuni palepale, kabla ya numero ya kwanza kuitwa. Inabakia saba. Ndani ya hiyo saba, moja inaenda kwa sanduku kubwa, ile ya kumaliza kadi nzima kabla numero makumi ine haziyaitwa. Onésime mwenyewe akacheka kwa uchungu. Kadi ya namna hiyo inatokea moja ndani ya kadi kama milioni. Soko yote ya Kataki icheze mpaka wazeeke. Kwa hiyo inayorudi kwa chumba ni sita: moja ya mustari, moja na nusu ya mistari miwili, tatu na nusu ya kadi nzima.

“Lakini ni yetu, hiyo sita,” Mama Marthe alisema. Alikuwa amenifuata, mikono nyeupe ya unga.

“Ndiyo, Mama. Na mulifanya nini nayo?”

“Tuliirudisha tucheze.”

“Basi wakakata tena yao ndani ya sita. Ikarudi tatu na kidogo. Mukacheza hiyo tatu. Ikarudi mbili na kidogo. Mulikuwa munashinda, na kila mara munaposhinda wanakata. Mulikuwa peke yenu mu chumba, Mama, lakini mulango ulikuwa na panya.”

Akauliza kwa sauti ndogo: “Na zile za kukwangua?”

Hapo nilitaka kulia. Kumbe kati ya bingo na bingo walikuwa wanakwangua, juu ya kupoteza muda. Kadi ya franka mia tano, picha tatu za mashua zikifanana umeshinda. Masharti yanasema: kadi moja kwa ine inashinda. Muzuri, eh? Lakini nyingi za zile zinazoshinda zinarudisha mia tano tu, ile ile uliyolipa. Jumla wanasema makumi sita na tano kwa mia inarudi, lakini kipande kizuri cha hiyo kimewekwa kwa zawadi ya milioni ambayo labda itaangukia muntu wa Kinshasa, ao hakuna. Wewe unabakia na vipande.

“Mara mingi nilipata mashua mbili,” Mama Marthe alisema. “Ya tatu ilikuwa karibu.”

“Haikuwa karibu,” Onésime alijibu bila kumuangalia. “Ukilipa tu, mashine imeshajua. Kidole chako kinafungua barua iliyoandikwa zamani.”

“Kwa nini haukutuambia, Onésime?”

“Hamukuniuliza, Mama. Na munapiga kelele ya furaha kila siku, ningesema nini?”

Nilichukua zile makumi ine na moja, wenzake wakakusanya kile walichokuwa nacho kwa mifuko ya unga na ya samaki. Kliniki ilikubali kupasua, Mungu awabariki kwa hiyo. Mutoto alitoka mwanamuke, analia kwa nguvu. Agnès ni muzima. Lakini inayobakia haijalipwa, na tangu hapo mulinzi wa kliniki anakaa mbele ya mulango wa ile salle ya wazazi. Dada yangu anaweza kwenda choo, na kurudi. Chakula tunamuletea sisi. Kila siku ya kitanda wanaongeza kwa fakitire, ile karatasi ya deni, kwa hiyo kila siku anakuwa mbali zaidi na nyumbani.

Na bado haijaisha. Jana nilipeleka bugali, nikamukuta Mama Marthe amekaa kwa bansi ya koridoo, ameinama. Nilifikiri anaomba. Nikakaribia. Kidole kilikuwa kinakwangua kioo cha telefone.

“Mama! Wewe! Baada ya yote haya?”

Hakushituka. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya muntu aliyetulia, na ile njo iliniogopesha kuliko makelele.

“Mwanangu, sikiliza. Tumeweka mingi, bado hatuyakula. Kwa likelemba, muntu aliyeweka sana bila kula, zamu yake njo inafuata. Hawawezi kuturuka milele.”

“Ile si likelemba. Haikujui. Haikumbuki kama uliweka jana. Kadi ya leo haijui ya jana!”

“Hakuna feza isiyokuwa na zamu,” alisema.

Na akanunua ingine. Feza ya meza yake ya unga, mbele ya macho yangu. Nyuma ya mulango nilisikia mutoto wa Agnès analia.

Sasa nasema na nyinyi wa Kataki na wa pembeni. Sitaki pole. Leta mia tano, leta elfu moja, peleka kwa caisse, pale wanalipia kliniki, na useme ni ya Agnès, chukua reçu, karatasi ya kuonyesha umelipa. Onésime, bandua ile karatasi leo. Na wewe uliye ndani ya likelemba yoyote, nenda leo, mwambie mwenye kushika aweke feza juu ya meza muione. Mukimukuta Mama Marthe na telefone mukononi, munyanganyeni.