Swali Alilolikosa Koplo Eliufoo

Koplo Eliufoo wa polisi ya Same alikuwa mtu wa kujibu upesi. Ukimsalimia, jibu limeshatoka kabla hujafunga mdomo. Ukimwuliza njia ya Kisiwani, ameshakuelekeza hata kama ulitaka kwenda Maore. Kule kwao Suji walimsifu tangu utotoni kwamba kichwa chake ni chepesi, naye, masikini, aliwaamini.

Kichwa hicho ndicho kilichomfikisha pale. Miaka ile ya Mwingereza, koplo Mpare kusimama mahakamani mbele ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, na kuendesha mashtaka halikuwa jambo dogo. Kwanza ilikupasa uende Moshi ukasimame mbele ya wakubwa watatu, wakuulize sheria kwa mdomo, hakuna kalamu wala karatasi. Ukibabaika, unarudi kulinda lango. Eliufoo alikuwa amelinda lango vya kutosha.

Aliyemfundisha ni Sajini Mbaraka, mtu wa Pangani, mwendesha mashtaka wa Same kwa miaka mingi, aliyekuwa anakaribia kustaafu. Jumamosi mchana, mahakama ikiisha kufungwa, wawili hao walikutana kwenye baraza ya nyumba ya Sajini, mwenyewe kwenye kiti na Eliufoo wima, kwa sababu Moshi angesimama.

"Haya, Koplo. Kushtakiwa mara mbili. Sheria inasemaje?"

"Mtu aliyekwisha kushtakiwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, akatiwa hatiani au akaachiliwa huru, na hukumu hiyo haijatenguliwa, hashtakiwi tena kwa kosa lile lile, afande."

"Vizuri. Sasa mwizi wa mbuzi ameachiliwa huru, ushahidi haukutosha. Mwezi unaofuata amepatikana shahidi aliyemwona kwa macho yake. Unampeleka tena?"

"Simpeleki, afande. Shahidi amechelewa."

"Hata kama sasa una hakika ni mwizi?"

"Hata kama mbuzi mwenyewe angesema."

Sajini akacheka mpaka akakohoa. "Hilo la mbuzi usiwaambie Moshi. Haya. Mwendesha mashtaka ameiondoa kesi mapema, kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea. Mahakama ikamwachia aende zake. Baadaye unamkamata kwa kosa lile lile, naye analia kwamba ameshashtakiwa. Je?"

"Anasumbuka bure. Huyo aliachiwa aende tu, haikuamuliwa kwamba hana kosa. Ila kesi ikiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, hapo ameachiliwa huru kabisa, na sisi mikono yetu imefungwa."

"Mahakama ya rufani imetengua hukumu, ikaamuru kesi isikilizwe upya?"

"Inasikilizwa, afande. Hukumu ya kwanza haipo tena."

"Baraza la kijiji limesikiliza kesi ya mauaji, likamtoza mtu ng'ombe, likamwachia?"

"Si kitu. Baraza halina mamlaka juu ya mauaji. Ni kama hakuna aliyehukumu."

Yalimtoka kama maji ya mfereji. Sajini akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akainama mbele.

"Mtu amempiga mwenziwe. Baraza lenye mamlaka limemtia hatiani kwa kupiga, likamtoza faini, ameilipa. Baadaye yule aliyepigwa anakufa kwa lile pigo. Unamshtaki?"

"Simshtaki, afande. Ameshaadhibiwa. Imekwisha."

"La."

"Pigo ni lile lile moja, afande!"

"La, Koplo. Wiki iliyopita ulikosa, leo umekosa. Una nini na swali hili?"

Alichokuwa nacho Eliufoo hakikutoka kwenye kitabu chochote. Huko kwao, watu wakigombana na wazee wakawapatanisha, wakala nyama ya mbuzi mmoja kutoka chungu kimoja, ugomvi huo hautajwi tena. Atakayeutaja anatengwa, hata moto haombi kwa jirani. Eliufoo aliila nyama hiyo tangu mdogo, na sheria ya kitabuni alikuwa ameiweka juu yake tu, kama koti juu ya shati. Kwenye maswali mengine koti lilimkaa. Kwenye hili, shati lilichungulia.

"Sikiliza," alisema Sajini. "Baraza lilihukumu pigo. Kifo hakikuwapo siku ile; wangekihukumuje? Matokeo mapya yamezaa kosa jipya. Sheria yenyewe imekitenga kifo: aliyeadhibiwa kwa kitendo, kitendo hicho kikiua, hujibu kwa kuua. Muradi kifo kimetokea ndani ya mwaka na siku moja tangu pigo, na muradi daktari anaonyesha ni pigo lililoua, si homa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Hujaelewa, umekubali. Nakwenda kuswali alasiri. Nikirudi nakuuliza tena."

Sajini akashika njia ya msikitini. Eliufoo akabaki anajisemesha peke yake, mpaka aliposikia anaitwa kwa jina la nyumbani. Dada yake mkubwa, Lea, alikuwa amesimama chini ya ngazi. Vumbi lilimjaa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo dada! Umetoka Suji saa hizi?"

"Marahaba. Nilishuka Makanya alfajiri, nikapanda lori la mkonge." Akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Aminiel amefariki."

Eliufoo hakujibu. Hiyo pekee ilitosha kumtisha Lea, maana alimjua mdogo wake.

Aminiel alikuwa jirani yao. Masika ya mwaka huo huo alizozana na Gideoni, mwana wa Lea, pale ndivani, kwenye bwawa wanalokusanyia maji ya mfereji na kugawiana kwa zamu. Gideoni alidai zamu yake imeliwa. Maneno yakapanda, akamchapa Aminiel kichwani kwa mpini wa jembe. Baraza la Suji likamtoza faini kwa kupiga, wazee wakachinja mbuzi, Gideoni na Aminiel wakala pamoja. Na Lea alipomwuliza mdogo wake polisi kama kuna la zaidi, yeye, mtu wa kujibu upesi, alimwambia: imekwisha, dada, hakuna wa kumgusa tena.

"Kichwa hakikumwacha tangu siku ile," Lea alisema. "Alikuwa akilima nusu siku, nusu analala. Juzi akaanguka, jana akafa. Wanazika kesho wakitoka kanisani. Mjane wake, Eliakunda, halaumu mtu. Wazee wamesema nyama ililiwa, watu wazike walie. Mimi nimekuja nikusikie tena kwa masikio yangu, nikalale. Imekwisha, sivyo?"

Jamani, hebu mfikirieni. Neno moja tu lilitakiwa, na alikwisha kulisema zamani bila kufikiri. Akilirudia, Lea anapanda lori, Aminiel anazikwa, na Suji nzima inakaa kimya. Hakuna mzungu atakayepanda ule mlima kutafuta kaburi. Gideoni anaendelea kulima, na mjomba wake anakwenda Moshi, anarudi na kofia mpya. Nani angejua?

Yeye angejua. Tena, na hili ndilo lililomchoma, hakujua kama Gideoni ameua. Huenda ni pigo, huenda ni maradhi yake mwenyewe. Akizikwa kesho, Gideoni atakuwa muuaji midomoni mwa watu maisha yake yote, kimyakimya, na hakuna mahakama itakayomsafisha, kwa sababu hakuna iliyomwuliza.

Sajini Mbaraka akarudi, tasbihi bado mkononi. Akamwona Lea, akamsalimu kwa heshima, akataka kwenda zake.

"Afande," Eliufoo aliita. Alisimama wima kama yuko Moshi, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Niulize lile swali."

"Una mgeni, Koplo."

"Niulize mbele yake, tafadhali."

Sajini akamtazama, akamtazama na yule mama. Akauliza taratibu, neno kwa neno. Mtu amempiga mwenziwe, ameadhibiwa, kisha aliyepigwa amekufa. Anashtakiwa?

"Anashtakiwa, afande, daktari akionyesha kwamba ni pigo lililomwua. Mshtakiwa anaitwa Gideoni, wa Suji. Ni mwana wa dada yangu huyu. Aliyekufa ni Aminiel, jana. Pigo lilikuwa masika ya mwaka huu, kwa hiyo mwaka haujatimia. Anazikwa kesho, na haifai azikwe kabla daktari hajamwona. Na kesi hii siwezi kuishika mimi."

Sajini akashika mkono wa kiti. Halafu akaingia ndani kuchukua kofia na kumtafuta dereva wa gari la polisi.

Lea hakupiga kelele. Laiti angepiga. "Kwa hiyo uliniambia uongo," alisema.

"Nilikuambia nisichokijua, dada. Nilikosa. Niliona aibu kukuambia sijui."

"Na sasa unajua."

"Sasa najua."

Alijifunga upya kanga yake, akasimama. "Basi nirudi na gari lenu, nimwambie mwenyewe kabla hajaona kofia za polisi. Gideoni atakuja kwa miguu yake. Hatafungwa kamba mbele ya kanisa." Akashuka ngazi bila kumtazama. "Umefaulu, mdogo wangu. Hongera."

Eliufoo alilia pale barazani, mchana kweupe, na magwanda yake mwilini.

Daktari alikuta damu iliyoganda ndani ya fuvu, mahali penye alama ya pigo. Gideoni alishuka kwa miguu yake. Mahakama Kuu ilipoketi Moshi, alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Alipoulizwa, alisema alikwisha kuhukumiwa barazani na faini alilipa. Jaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza yale yale ambayo Sajini alimweleza mjomba wake. Ile faini aliikumbuka wakati wa kupima adhabu, na hata nyama ya mbuzi aliikumbuka. Gideoni akafungwa kifungo kisicho kirefu.

Na mtihani? Eliufoo alifaulu. Wakubwa wa Moshi walimwuliza habari ya shahidi aliyechelewa na kesi iliyoondolewa mapema. Swali la kifo hawakulifikia kabisa. Alitoka nje akasimama juani muda mrefu, hajui acheke au afanye nini.

Akawa mwendesha mashtaka wa Same, na watu walioona kazi yake husema alikuwa mzito wa kujibu. Bwana Shauri akimwuliza jambo, yeye hunyamaza kwanza, mpaka wengine hudhani hakusikia. Lea alikuwa hapiti tena kwake. Akija sokoni Same, alipita upande wa pili wa barabara.

Mpaka siku Gideoni alipotoka. Lea alimleta mlangoni kwa Eliufoo, kijana amekonda, na kikapuni chungu cha makande kimefunikwa kwa jani la mgomba. Walikula watatu kutoka chungu hicho kimoja. Walikula mpaka wakaona tako la chungu.

"Mdogo wangu," Lea alisema. "Nakuuliza tena. Imekwisha?"

Eliufoo akaweka kijiko chini. Akawaza mahakama: ilikuwa na mamlaka. Akawaza hukumu: haikutenguliwa, na muda wa rufani umepita. Akamwaza marehemu, ambaye hakuna tena baya jipya la kumpata. Akaanza tena tangu mwanzo, asije akawa ameruka kitu. Dada yake alimngoja. Makande yaliyobaki mdomoni mwa Gideoni hayakutafunwa.

"Imekwisha, dada," alisema.