Jina Chini ya Kila Ukurasa

Nakala ile niliikuta mezani kwa mwalimu mwenzangu, chumba cha walimu, imebanwa vizuri na kuwekewa jalada la plastiki. Lilikuwa azimio langu la kazi la Hisabati, darasa la tano. Nilimuuliza kalipata wapi.

"Nimerushiwa kwenye grupu," akasema, hata kichwa hakuinua. "Wanagawa bure."

Bure! Likizo nzima nilikaa na mtaala mpya mapajani, nikipanga mada wiki kwa wiki, na mwenzangu anasema bure kama vile azimio linaota barabarani.

Nilikuwa nauza elfu tano. Ukilipa kwa simu, nakutumia faili la pdf hapohapo. Kabla ya siku hiyo nilishavumilia mengi. Mwalimu mmoja wa Rwamgasa, huko wanakopima dhahabu hadi punje ya mwisho, aliniambia elfu tano kwa karatasi ambazo sijachapa mwenyewe ni unyang'anyi. Mwingine alitaka nimtumie kwanza aone kama linafunguka. Lilifunguka, na simu yake haikupatikana tena. Nikajaribu kushusha hadi elfu tatu, walionunua mwanzo wakanijia juu wakidai chenji. Nikarudisha bei palepale, nikanunua ugomvi na pande zote mbili.

Ndipo nikaanza kubana. Kila faili nililiwekea neno la siri, na chini ya kila ukurasa, kwa maandishi madogo ya kijivu, nikaweka jina la mnunuzi na namba yake. Likivuja, nitajua limevujia kwa nani. Nilijiona mjanja kweli.

Basi nikainama kusoma yale maandishi ya kijivu. Lilikuwa jina la mzee aliyenifundisha mimi mwenyewe darasa la tano. Sasa anafundisha upande wa Ibadakuli, amebakiza miezi michache astaafu. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua faili lenye ulinzi, na nilipotaka kumpunguzia bei alikataa katakata.

Hapo ningetulia. Sikutulia. Niliupiga picha ule ukurasa, nikautupa kwenye grupu la walimu wa mjini Shinyanga, nikaandika: "Mwizi wa jasho langu huyu hapa. Na uzee wote huo!" Watu wakacheka, wengine wakampa pole za kejeli. Yeye alijitoa kwenye grupu. Kesho yake ikaingia elfu tano kutoka kwenye namba yake, bila neno lolote. Nikasema moyoni, ahaa, dhamira imemsuta.

Hata hiyo haikunitosha. Jumamosi asubuhi nilipanda bodaboda kwenda kumwambia usoni. Karibu na shule yake kuna steshenari, nikasimama kuuliza nyumba. Ukutani palikuwa na tangazo lililoandikwa kwa kalamu ya wino: maazimio ya kazi yanapatikana. Mwenye duka, mama mwenye miwani, akanionyesha kwenye kompyuta. Yalikuwa yangu.

"Umeyapata wapi, mama?"

"Si yule mwalimu mzee! Alikuja kuchapisha. Maandishi ya simu hayaoni, akanitajia neno la siri nimfungulie. Nikaona kitu kizuri, nikahifadhi nyingine isiyo na neno la siri, wateja wasisumbuke. Wakitaka ya kwenye simu nawarushia."

"Yeye anajua?"

"Atajuaje? Alichukua makaratasi yake akaenda."

Nilijichukia. Mimi mwenyewe nachapisha steshenari. Kila mara naona kwenye kompyuta zao barua za kazi za watu na kadi za harusi za msimu uliopita, hakuna anayezifuta. Nilitengeneza bidhaa ya walimu wanaochapisha dukani, nikaiwekea ulinzi wa watu wenye printa nyumbani.

Nilimkuta mzee uani, anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu," nikaiitikia salamu yake ya Kisukuma.

Nilimweleza yote ya steshenari. Alisikiliza, kalamu nyekundu ikiwa bado mkononi.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani kosa ni ile nakala ya pili. Nilichapisha mbili, moja yangu, moja ya mwalimu mkuu. Nikaona nimelipia moja tu, ndiyo maana umekasirika. Nikatuma ya pili."

Nilitaka kumrudishia ile elfu tano palepale. Akasema niiache, kwani mwalimu mkuu bado analo lile azimio na analitumia. Akarudi kwenye madaftari yake.

Jioni ile niliandika kwenye grupu lilelile, kirefu, nikaomba radhi kwa jina langu kamili. Wote waliusoma ule ujumbe, isipokuwa yeye.