Saa Yenye Mshale wa Sekunde

Nilikasirika dukani mpaka muuza saa akacheka. Wenzangu wa kamati ya zawadi walitaka ile ya rangi ya dhahabu, inayometameta, isiyo na mshale wa sekunde. "Jamani, huyu ni nesi!" nikasema. "Atahesabu mapigo ya moyo kwa kumetameta?" Tukachukua ya kawaida, yenye uso mweupe, namba kubwa na mshale mwekundu wa sekunde.

Mama, ndivyo sote kituoni tulivyomwita, ndiye aliyenifundisha kazi nilipoletwa Bariadi kutoka Tanga, nisiyejua hata kuitikia salamu ya Kisukuma, "mwadila". Vidole vitatu kwenye mkono wa mgonjwa, macho kwenye saa, mdomo ufungwe. Nusu ya watu wa mji huu amewapokea yeye wakizaliwa.

Sasa alikuwa anastaafu, na alikuwa anakufa. Majibu ya vipimo yalirudi kutoka Mwanza nikayaona, na wanawe wakatusihi tusimwambie. Wao walimwambia ni vidonda vya tumbo. Nesi mzima, aambiwe vidonda vya tumbo! Iliniuma, lakini nilinyamaza kama wengine.

Hotuba ya kumkabidhi zawadi nikapewa mimi. Nilifuta "pumzika". Nikafuta "kila ukiitazama utukumbuke". Hotuba ya kuaga isiyoaga, ijaribu uone.

Siku yenyewe alikuwa hawezi kukaa muda mrefu, kwa hiyo nilimtambua mganga mfawidhi na familia, basi, nikaingia kwenye jambo.

"Nasimama kwa niaba ya wafanyakazi wote. Mama, nikiwa mgeni hapa, mzazi mmoja alivuja damu, nikaanza kulia. Ulinishika bega ukasema, hesabu kwanza, utalia baadaye. Kila mmoja hapa ana siku yake kama hiyo. Saa hii ni asante yetu. Tumechagua yenye sekunde kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha thamani ya sekunde. Tunakuombea..." Hapo nikakwama. "Tunakuombea heri, Mama."

Nikafungua kasha, nikamkabidhi kwa mikono miwili, watu waone, kisha nikamvalisha. Mkanda wa chuma nilikuwa nimeupunguza pingili kule dukani kwa kukisia. Nilikisia mkono wake wa zamani. Saa iliteleza ikaenda kusimama karibu na kiwiko, na vigelegele vikapigwa hivyo hivyo.

Mpiga picha alimwambia atabasamu. Hakumwangalia. Aliirudisha saa chini mpaka akauona uso wake, akanishika mkono kwa vidole vitatu, akanyamaza. Watu wakadhani ananishukuru, wakazidi kupiga makofi.

"Mapigo yanakimbia, ng'wanone," akaninong'oneza kama mama anavyosema na mwanawe. "Majibu yangu umeyaona."

Hakuwa anauliza. Wanawe walisimama nyuma yake wakitabasamu kwa ajili ya picha. Nikaitikia kwa kichwa.

Hakuniachia. Aliendelea kutazama mshale mwekundu mpaka ukamaliza mzunguko.

"Haya," akasema. "Utalia baadaye."