Hidaya Aulizia Kazi ya Ghala la Viazi

Ijumaa waliyoahidi kumpa jibu ilipita kimya, na Hidaya akaisugua simu mpaka kioo kikakaribia kutoa moshi. Aliitaka sana ile kazi ya karani katika ghala la viazi la Kibirichia, aliyohojiwa wiki iliyopita. Jumanne akaandika barua pepe: "Mlionihoji, mmelala?"

"Futa, mwanangu," alisema baba yake Saad, akinoa kisu buchani kwake Maua. "Mteja akichelewa kurudi, mimi humtukana? Humuuliza tu kama bado nimwekee nyama."

Hidaya akafuta, akaandika: "Asanteni kwa mahojiano. Mlisema jibu lingetoka Ijumaa. Bado naitaka kazi. Naomba kujua uamuzi utatoka lini." Barua ikaondoka mbio kuliko pikapu ya miraa inayowahi soko.

Kabla nyama ya siku hiyo haijaisha buchani, wakajibu: meneja aliugua, uamuzi ni Alhamisi.

Hidaya akaitia simu mfukoni, akachukua kisu kumsaidia baba yake kukata nyama.

"Sasa mwana wa bucha amerudi," Saad akacheka.