Salamu za Watoto Kwenye Mistari Myeupe

Miaka ile nilikuwa dereva wa lori la pamba mjini Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kuchukua marobota kiwandani na kuyafikisha stesheni ya reli, safari nne au tano kwa siku. Leseni yangu niliipata baada ya kujaribiwa mara mbili, na askari aliyenijaribu hakuwa mtu wa mzaha. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa maneno yake niliyaelewa nikiwa nimechelewa.

Alitufundisha uani pa polisi, madereva sita tumesimama juani. Akachora ardhini kwa fimbo. Pale sokoni, alisema, kuna kivuko chenye askari. Hapo humwangalii anayevuka, unamwangalia askari. Akikuinulia kiganja, simama hadi akuite, hata kama barabara ni tupu. Mbele ya shule ya misheni kuna mistari myeupe, na hakuna askari.

"Hapo askari ni nani?" akauliza.

Mmoja wetu akajibu kwamba ni mwalimu.

"Ni wewe! Ukiwa bado mbali, punguza mwendo. Mtu akishaweka mguu kwenye mistari, njia ni yake. Simama kabla ya mistari, si juu yake. Gari lililo mbele yako likisimama hapo, usilipite, maana hujui limemsimamia nani. Na huko nje ya mji, penye kibao tu chenye picha ya watoto, hakuna mistari wala askari, lakini watoto ni wale wale. Nenda kama mtu anayepita uani kwa mwenzake."

Kisha akanitazama mimi, sijui kwa nini.

"Ukishasimama, usiwapungie mkono. Usiwaite. Usiwasemeshe. Kaa kimya usubiri mpaka wa mwisho akanyage upande wa pili."

Hilo la mwisho niliona ni la ukali tu. Sisi tumelelewa kwa salamu. Mtoto wa Kisukuma akipita mbele ya mkubwa bila kumwamkia, watu huuliza amezaliwa na nani.

Basi nikawa dereva anayesimama. Wengine walipiga honi na kupita, vumbi likawafunika watoto. Mimi nilisimama kila asubuhi, na kwa kweli nilijipenda kwa hilo. Watoto wakanizoea. Wavulana waliinua mikono, wasichana waliinama kidogo wakipita, na mimi nilitoa kichwa dirishani nikawajibu mmoja mmoja. Utingo wangu, mtu wa rika langu aliyekaa juu ya marobota, alinicheka.

"Baba paroko! Ukimaliza kubariki, treni itatungoja?"

"Itangoja," nilimjibu. "Na wewe ukishuka utabarikiwa."

Asubuhi ile nilifika nikiwa na mzigo kamili. Nilipunguza mwendo mapema, nikasimama vizuri, pengine hatua mbili kabla ya mistari. Watoto wakavuka kwa mstari mmoja. Nikawajibu. Wakafika upande wa pili, nikaona migongo yao ikielekea langoni. Mistari niliyoiona ilikuwa tupu. Nikaachia breki ya mkono.

Utingo akalipiga paa la kebini kwa ngumi zote mbili.

Nilikanyaga breki. Lori lilikuwa limesogea hatua tatu au nne tu. Nikasikia sauti ndogo mbele, chini, mahali ambapo kutoka kitini mwangu boneti ilificha kila kitu.

Niliruka chini. Alikuwa msichana wa darasa la kwanza. Wenzake waliinama tu, lakini yeye, kama alivyofunzwa nyumbani kwao, alisimama katikati ya mistari, akanigeukia, akapiga magoti. Aliniamkia, "Mwangaluka, baba," akangoja nimjibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwajibu wote. Gurudumu la mbele lilikuwa juu ya mguu wake wa kulia.

Nikarudi kebini nikitaka kurudisha gari nyuma. Utingo akanishika shati. "Usiliguse! Utamsaga!" Tukaleta jeki, utingo akaiweka na kulinyanyua gurudumu. Mwalimu mmoja alikuja mbio, akajilaza chini akamshika mtoto kichwa. Mtoto hakulia sana. Alinitazama kana kwamba ni yeye aliyekosea. Mpaka leo, nikipiga magoti kusali, huwa naona uso huo kabla sijasema neno.

Hospitalini walituambia tukae nje. Nilikaa chini kwenye sakafu ya baraza. Nilisali sala zote nilizofundishwa tangu ukatekumeni, nilipojiandaa kubatizwa, zikaisha, nikazianza tena, na kila nilipofika mahali pa kusema mapenzi yako yatimizwe, ulimi ulikataa. Sikutaka yatimizwe kama hayakuwa yangu. Nilitaka mtoto aishi.

Utingo aliketi karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Sikiliza, ndugu yangu. Yule mtoto alikuwa amekwisha kuvuka. Akarudi mbio. Mimi nilikuwa juu, niliona. Nitasema hivyo."

"Uliona hivyo?"

"Nitasema hivyo."

Sikumkataza, na nakiri kwamba hata sikukasirika. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Bila leseni ningerudi kwenye jembe, na shamba la baba lilikwisha kugawanywa.

Jioni alikuja askari, yule yule aliyetufundisha uani. Alikuwa na daftari. Baba yake mtoto alikuwa amefika kutoka kijijini kwa miguu, amesimama nyuma yake, fimbo ya kuchungia ng'ombe bado mkononi.

"Ulisimama?" askari akauliza.

"Nilisimama."

"Kabla ya mistari?"

"Kabla."

"Ulipoondoka, mistari ilikuwa tupu?"

Utingo alikohoa.

"Sikuiona yote," nikasema. "Boneti iliificha. Nilikuwa nikiongea na watoto, nikadhani nimewaona wote. Yeye alisimama aniamkie, kwa sababu mimi ndiye niliyewazoesha kwamba dereva huamkiwa pale. Hakurudi mbio. Alikuwa bado anavuka."

Askari aliandika polepole. Hakuniambia kwamba alinionya. Afadhali angeniambia.

Nikamgeukia baba wa mtoto, nikataka kumwomba msamaha, lakini yeye ndiye aliyenitangulia kusema.

"Ni mimi niliyemfundisha kupiga magoti," alisema. "Nilimwambia, popote utakapomkuta mkubwa."

Akakaa chini pale pale barazani, umbali wa mkono mmoja tu kati yetu. Kulipokucha, mhudumu alitoka akatuambia kwamba mtoto yu hai, ila mguu haukuweza kuokolewa, ulikatwa chini ya goti. Baba yake aliingia. Mimi sikuitwa.

Leseni yangu ilichukuliwa, na ilikuwa haki. Nimelima tangu hapo, na Mungu hakutunyima chakula hata mwaka mmoja, jambo ambalo sikulistahili. Kabla sijaondoka mjini nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba awakusanye watoto. Niliwaambia kwamba barabarani hakuna mkubwa wa kuamkiwa. Gari likisimama, angalieni pande zote, vukeni moja kwa moja, msisimame wala msigeuke, hata dereva akiwaita kwa jina. Kama mna heshima ya kumpa, mpeni mkiwa mmefika langoni.

Mtoto mmoja aliinua mkono akauliza kama dereva hatakasirika.

Nilimwambia, dereva akikasirika, na akasirike huku gari lake limesimama.