Mkataba Uliokwenda Dindira

Simu iliingia nikiwa nimesimama kwenye kiunga cha mama, Handeni, mahali pekee ambapo mtandao haukatiki. Mkuu wa chuo kimoja cha ufundi cha Korogwe aliniambia kwamba usaili wangu umewaridhisha, wananihitaji nifundishe ushonaji kuanzia Januari, na kwamba kuna chumba cha mwalimu ndani ya uzio wa chuo. Akaniuliza kama nakubali. Nikasema nakubali. Akasema mkataba wa maandishi ningeupata wiki inayofuata.

Kuanzia siku ile nilianza kuishi mahali pawili. Mikono yangu ilikuwa Handeni, kwenye cherehani ya mama mmoja mwenye duka la ushonaji, niliyemshonea kwa miaka tisa. Mwenyewe nilikuwa Korogwe, ndani ya chumba ambacho sijakiona. Nilikipaka rangi, nikabadili mawazo, nikakipaka nyingine. Niliweka kitanda upande wa mlango, kesho yake nikakihamishia dirishani. Nilikuwa nikikunja pindo la sketi naona wanafunzi wamekaa mbele yangu, na mmoja, ambaye hakuwa mtu yeyote ninayemjua, ananiuliza jinsi ya kukata kola.

Wiki ikapita, na ya pili. Nilituma ujumbe mfupi wa kumsalimia mkuu wa chuo na kumkumbusha. Akajibu kwamba nivute subira, suala liko kwenye hatua. Nilituma mwingine kwenye WhatsApp. Alama mbili za buluu zikatokea, jibu halikutokea. Nilipiga simu mara tatu kwa siku tofauti, ikaita mpaka ikakata.

Nyumbani mama alikuwa ameshawaambia majirani. Kila nikirudi kutoka dukani ananitazama mikono, kama vile karatasi ile ningeibeba waziwazi, naye haulizi.

Aliyeuliza alikuwa mwenye duka. Shule zilikuwa zimeanza kuleta oda za sare za Januari, na alitaka kujua apokee ngapi. Alizima cherehani yake, akavua miwani.

"Nimesikia unaondoka," akasema.

Nikamwambia ukweli: nimepigiwa simu, nimekubali, sijaandikiwa kitu.

"Basi hujaondoka. Na mimi siwezi kukupangia kazi wala kutafuta mtu mwingine. Nipe jibu Ijumaa."

Hakusema kwa ubaya. Lakini usiku huo chumba changu cha Korogwe kilikataa kuja. Nilifumba macho nikaona ukuta tu. Nikatambua kwamba kwa majuma matatu nilikuwa nimepamba sentensi moja ya simu.

Asubuhi nilichukua karatasi nikaandika barua. Niliandika kwamba siku ile nilipigiwa simu na mkuu wa chuo, nikapewa nafasi ya mwalimu wa ushonaji kuanzia Januari pamoja na chumba cha kuishi, nami nikakubali. Niliandika kwamba naomba mkataba wa maandishi kabla sijatoa notisi ninakofanya kazi, maana notisi yangu ni siku ishirini na nane na muda unakwisha. Nikatoa nakala mbili. Alhamisi nikaomba ruhusa, nikapanda basi la Korogwe.

Mvua za vuli zilikuwa zimeosha kila kitu. Mistari ya mkonge ilipita dirishani, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikapoteza hesabu ya muda. Halafu milima ya Usambara ikainuka mbele, nusu yake ndani ya wingu, na sikuwa na uhakika kama tunaisogelea au yenyewe inatujia.

Chuo kiko Masuguru, hapohapo Korogwe mjini. Katibu muhtasi, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alisoma barua yangu yote kabla ya kusema neno. Nikamwomba agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Akagonga, akaandika tarehe, akasaini, kisha akaniambia nikae. Alivuta droo akatoa jalada lenye jina langu. Ndani mlikuwa na mkataba uliochapwa, kurasa nne, hauna saini hata moja.

Mkuu wa chuo alitoka ofisini kwake. Alikuwa mtu mzima, mpole, na aliponiona aliinamisha uso. Akanieleza kwamba mikataba yote husainiwa na mwenyekiti wa bodi, mwenyekiti amevunjika mguu na yuko kwake Dindira, juu milimani, na yeye kila wiki alidhani atapanda kumpelekea.

"Simu zako nimeziona," akasema. "Nilikuwa naona aibu kukwambia bado. Nisamehe."

Niliomba niusome. Cheo kilikuwepo, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara, likizo, muda wa majaribio wa miezi sita. Nikarudia tena toka mwanzo. Chumba hakikuwemo.

Sehemu yangu moja ilitaka inyamaze, ishukuru, isaini. Nikaweka kidole kwenye ukurasa wa tatu.

"Mkuu, kwenye simu uliniambia kuna chumba. Hapa hakipo."

Akausoma ukurasa ule mwenyewe, kisha akamwita katibu. Ikaonekana kwamba waliuchapa kwa kunakili mkataba wa mwalimu aliyestaafu, aliyekuwa na nyumba yake Kwamndolwa, kwa hiyo hakuhitaji chumba. Katibu akarudi kwenye kompyuta bila kuambiwa. Kifungu kikaongezwa, nakala mbili zikachapwa upya, zikiwa bado na joto la mashine. Mkuu wa chuo akachukua funguo za pikapu.

"Twende wote," akasema.

Barabara ya Dindira ilipanda ikizunguka. Baada ya muda ukungu ulitufunika, tukawa tunaenda ndani ya weupe, na mashamba ya chai yakawa yanatokea kando yetu na kuyeyuka. Nilishika bahasha magotini, nikawa mtu asiye wa Handeni wala wa Korogwe, na kwa dakika kadhaa hilo halikuniogopesha.

Mwenyekiti alikuwa mama mwenye umri mkubwa, amekaa barazani, mguu juu ya kigoda. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza nimetoka wapi, kisha akasoma kila ukurasa, taratibu, ukungu ukipita kati yetu.

"Umeshaacha kazi kule?"

"Bado, mama. Nilisubiri karatasi."

"Vizuri. Ningejisikia vibaya ungeacha."

Akamgeukia mkuu wa chuo, akamwambia kwa upole kwamba mtu akishasema ndiyo asiachwe hivi. Kisha akasaini, akaweka herufi za kwanza za majina yake chini ya kila ukurasa. Nami nikasaini. Nakala moja ikawa yangu.

Ijumaa nilimkabidhi mwenye duka barua ya notisi. Nilimwonyesha na mkataba, maana alikuwa na haki ya kujua. Aliusoma amesimama, akanirudishia, akafungua daftari la oda akahesabu siku zilizobaki. Akasema tutaanza na sare za watoto wadogo, ndizo zinazochelewesha. Akavuta jora la kitambaa cha buluu, akashika upande mmoja, nami nikashika wa pili, tukalitandaza mezani.

Tulishona wiki zote nne. Siku ya mwisho alinipa mkasi wake wa zamani, akaniambia nisiwaruhusu wanafunzi wautumie kukatia karatasi.