Thelathini Chini ya Mdomo wa Kisima

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na aliyeufupisha yuko hai, ananenepa, na kila Jumapili anapitisha kapu la sadaka kwa mkono uleule. Jina lake siandiki. Nawataja wahusika kwa kazi zao tu, na wenyewe wanajijua. Huyu alikuwa mshika kamba.

Mimi ni mchimba visima. Darasa la saba nilimaliza kwa huruma ya mwalimu mkuu aliyechoka kuniona, na tangu hapo shule yangu imekuwa chini ya ardhi, kuanzia Kikwe hadi kandokando ya Maji ya Chai. Siku ninayoisema nilikuwa nimekaa kwenye kitanzi cha kamba ndani ya kisima cha mtu huko Kikwe, mita mbili juu ya sakafu. Chini yangu mtalimbo, chuma chetu cha kuchimbia, ulikuwa umesimama wima kama umesimikwa kuningoja. Ukuta ulianza kumeguka upande wangu, nikapiga kelele, "Mbili!" Nilitaka nivutwe mita mbili juu. Mshika kamba alikuwa akibishana na mwenye shamba kuhusu mpira. Akasikia "mbili", akaachia mbili.

Miezi saba sikukanyaga chini. Alikuja kunitazama na mkungu wa ndizi, akakaa pembeni ya kitanda.

"Kaka, lakini hukusema juu au chini."

"Sasa mtu anayefukiwa na udongo anaomba ashushwe?"

"Sikujua. Labda ulikuwa umeona maji."

Nilimrushia ndizi moja. Sikumpata, na hilo nalo nalijutia.

Niliporudi kazini niliweka sheria. Mdomo wa kisima ni sifuri. Kila namba itanguliwe na upande wake: juu moja, chini nne. Anayetaja namba tupu ananunua soda kwa kikosi kizima, hata kama ni mwenye kisima, hata kama ni mimi. Watu walicheka. Wakanunua soda mpaka wakaacha kucheka.

Nayasema haya ili mnielewe nilivyojiaibisha mwaka huu.

Binti yangu wa mwisho anasoma sekondari. Wanapoingia kidato cha tatu, shule yao inawachuja kwa mtihani wa maswali ishirini ya kuchagua. Ukipata kumi na manne unaingia mkondo wa sayansi, ukikosa unaelekezwa kwingine. Yeye anataka kuwa mpima maji. Anataka kujua maji yako wapi kabla ya mtu kushuka. Sababu hajawahi kuniambia, ila huwa anautazama mguu wangu ninapovua kiatu.

Alirudi na kumi na tatu.

Hakulia. Alikaa jikoni anamenya ndizi kwa hasira mpaka zikabaki nyembamba kama penseli. Mwishowe akasema, "Baba, kuna swali moja wamenikosesha, na ni la kisima."

"La kisima? Wamekukosesha wewe, mtoto wangu, swali la kisima?"

Lilikuwa la Kizungu, akanigeuzia kwa Kiswahili. Jiwe linarushwa wima kwenda juu kutoka mdomoni mwa kisima, kwa mwendo wa kilomita kumi na nane kwa saa. Baada ya sekunde tatu linagusa maji. Juu ihesabiwe chanya, mvuto wa dunia uwe kumi, upepo usijaliwe. Je, maji yako wapi ukipima kutoka mdomoni? A, mita tisa. B, mita sitini. C, mita thelathini. D, hasi thelathini. Yeye alichagua D. Karatasi ya majibu ilisema A.

"Tisa?" nikasema. "Kisima cha mita tisa jiwe likae sekunde tatu? Limepitia wapi, sokoni Kwa Mrombo?"

Kesho yake nilivaa koti la harusi na tukaenda shuleni, mtu na binti yake, mimi nikichechemea mbele kama mwenye kesi.

Ofisini tulimkuta mwalimu wa taaluma, mama mtu mzima mwenye miwani kwenye kamba, na mwalimu wa fizikia, kijana mpole mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Akasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, maji yako yanaruka?"

"Samahani?"

"Umesema juu ni chanya. Jibu lako ni tisa, na halina hasi. Basi maji ya kisima chako yako mita tisa hewani, juu ya vichwa vya watu. Nataka unionyeshe, nikafunge bomba."

Mwalimu wa taaluma alivua miwani ili acheke vizuri. Kijana akaichukua karatasi, akaitazama, akajikaza. "Mzee, kumi na nane mara tatu ni hamsini na nne. Dunia inavuta arobaini na tano. Inabaki tisa."

"Kumi na nane gani, mwalimu?" Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni kilomita kwa saa. Mvuto uko kwa mita na sekunde. Kilomita kumi na nane ni mita elfu kumi na nane, saa ni sekunde elfu tatu na mia sita. Ni mita tano tu kwa sekunde."

Mimi nikaona nimalizie kwa vitendo, maana kisima cha shule ile nimekichimba mwenyewe, na maji yake najua yako mita kumi na mbili. Tukatoka wote wanne. Mwalimu wa taaluma akashika simu kupima muda. Nikamwambia kijana alirushe jiwe juu polepole, lipite mkono wake kwa mita moja na robo hivi, maana ndipo mita tano kwa sekunde zinapoishia, binti alinihesabia njiani. Jiwe likapanda, likageuka, likapita mdomoni. *Tubwi.*

"Sekunde mbili na kidogo," mama akasoma.

"Kumi na mbili, sekunde mbili," nikasema. "Na tisa iwe tatu? Yaani kisima kikiwa kifupi jiwe linapumzika njiani?"

Hapo kijana akajipiga paji la uso, chaki ikadondoka. Akakiri. Swali lile ni la karatasi ya zamani, ambamo jiwe lilirushwa hewani kwa mita kumi na nane kwa sekunde, na baada ya sekunde tatu lilikuwa bado hewani, mita tisa juu ya lilikoanzia. Wanafunzi walikuwa wamelikariri. Ili awanase, akageuza mita kuwa kilomita, hewa kuwa kisima, akaongeza machaguo mapya, na karatasi ya majibu akasahau kuibadilisha. Waliokariri wakachagua A, wakapata alama yao. Mtego wake ukamnasa aliyehesabu. Huyu ndiye mhusika wangu wa pili, na nampa sifa moja ambayo yule wa kwanza hajaipata mpaka leo: alisema, "Kosa ni langu."

Tukarudi ofisini, akapiga hesabu upya ubaoni. Tano mara tatu, kumi na tano. Dunia, nusu ya kumi mara tatu mara tatu, arobaini na tano. "Tofauti ni thelathini. Kumbe jibu ni C."

"Thelathini!" nikapiga makofi. "Hapo sawa! Kisima kina mita thelathini, jibu ni thelathini, twende nyumbani."

Mwalimu wa taaluma akachukua kalamu, akaandika C kwenye karatasi ya majibu. Nilikuwa nimeshamshika mkono kijana, nampongeza.

"Baba," binti yangu akasema.

"Eeh, tumeshinda!"

"Baba, mimi nilichagua D."

Nilitoka nyumbani na koti la harusi kuja kumwokoa mtoto, na nilikuwa nimempeleka mwenyewe hadi ukingoni nikamsukuma. Nami sikukubali upesi. Nikasema kwa ukali wa mtu aliyechimba miaka mingi, "Lakini mwanangu, hakuna kisima chenye kina cha hasi. Hata mimi sijawahi kulipwa kwa mita hasi."

"Hawajauliza kina. Wameuliza maji yako wapi ukipima kutoka mdomoni, na juu ni chanya. C ni thelathini juu." Akanigeukia mimi tu, sauti yake ikashuka. "Baba, kama ungekuwa kwenye kamba, na mtu akasema thelathini tu, ungefanya nini?"

Nilikaa kwenye kiti bila kuambiwa. Kisigino cha mguu mfupi kilikuwa kinaning'inia, hakifiki sakafuni, kama kawaida yake.

Mimi! Mimi niliyewatoza soda watu wazima, niliyemtoza mchungaji aliyekuja kubariki kisima akasema "ishirini" bila upande! Nilikuwa nimesimama mbele ya walimu wawili natetea namba tupu. Miaka yote nimemshutumu mshika kamba kwa kusikia mbili bila kuuliza ya wapi, na leo nilitaka kuandikiwa C kwa makofi. Msinielewe vibaya, mtu yule bado simsamehe. Angeweza kuuliza. Ila wa tatu kwenye orodha ya wahusika ni mchimbaji aliyeita "mbili" akaishia hapo, na jina lake naona limeandikwa ndani ya koti langu la harusi.

"Mwalimu," nikamwambia kijana, "kule chini tunasema chini thelathini. Na kwa swali lako, chini ni hasi. Mwanangu yuko sahihi, mimi ndiye nimekosea."

Kijana akarudi ubaoni. Mbele ya arobaini na tano akachora kistari cha kutoa, akakisogeza hadi kwenye jibu: kumi na tano toa arobaini na tano, hasi thelathini. Akamwangalia mwalimu wa taaluma. Mama akaikata C, akaandika D, akachukua karatasi ya binti yangu, akafuta kumi na tatu kwa mkato mmoja mrefu. Akaandika kumi na nne, akaweka sahihi pembeni.

"Na waliochagua A?" akauliza kijana, akiwaza wazazi watakaofuata.

"Hao utawaeleza wewe," mama akasema. "Uvae koti."

Tulipofika getini binti yangu alisimama mbele ya duka la shule, akakunja mikono, hasogei.

"Nini tena?"

"Umesema thelathini tupu. Mara tatu, nimehesabu."

"Lakini hapa si kisimani."

"Tulikuwa kisimani dakika kumi zilizopita. Sheria ni ya kikosi kizima, Baba. Na walimu pia."

Nilinunua soda nne. Mbili akazipeleka ofisini mbio, sketi ikipepea. Nilimsikia kwa mbali akimwambia mwalimu wa fizikia kwamba na yeye anadaiwa, kwa ile thelathini ya kwanza.